Hasara ya hisa Uingereza: uuze kabla ya tarehe 5 Aprili, baada yake, ama uuze kidogo kidogo?

Hii naiandikia watu wetu walioko Uingereza, na sisi huku Mombasa tunaopigiwa simu usiku tuwafanyie hesabu. Mie nilikaa Leicester miaka tisa kazi yangu vitabu vya hesabu, sasa niko Kibokoni lakini simu haziishi. Juzi nikaona heri niiandike mara moja, manake swali ni lile lile kila mwaka ikikaribia Aprili.

Swali lenyewe lilinijia vizuri sana mwaka 2025, siku chache baada ya Idi. Mdogo wangu ni nesi kule, alinipigia Alhamisi tarehe 3 Aprili jioni, sauti imemkauka, soko la hisa London lilikuwa linaporomoka baada ya Marekani kutangaza ushuru mpya siku moja kabla. "Da, zile hisa zangu zishakuwa maji, niziuze zote kesho nikate kodi?" Nikamwambia tulia kwanza, lete namba.

Namba zake nimezizungusha kidogo zikae sawa. Alikuwa na hisa 1,500 za kampuni moja, alizinunua pauni 5 kila moja, sasa zinauzika pauni 3. Kwa hivyo akiuza zote ana hasara ya pauni 3,000. Na Disemba 2024 alikuwa ashauza hisa za kampuni nyingine akapata faida ya pauni 3,400. Tena alikuwa na mpango wa kuuza fungu la tatu baadaye, kwenye mwezi wa nane, apate pesa za kumalizia kiwanja Mtwapa, na hilo fungu lilikuwa na faida kama pauni 7,000.

Sasa mambo matatu ya kule uyajue, bila hayo huelewi kitu. Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza tarehe 6 Aprili unaisha tarehe 5 Aprili. Kila mtu anasamehewa kodi ya sehemu ya kwanza ya faida ya mtaji, yaani faida ya kuuza mali kama hisa, kila mwaka, na tangu 6 Aprili 2024 msamaha huo ni pauni 3,000 tu (zamani hadi Aprili 2023 ulikuwa 12,300, ndio maana wazee wetu hawakuwahi kusumbuka na hii kodi). Na kinachozidi hapo, kwa hisa zilizouzwa tangu 30 Oktoba 2024, unalipa asilimia 18 kama mapato yako ni ya kawaida ama asilimia 24 kama umeshaingia kwa wale wa juu. Mdogo wangu ni wa 18.

Na msamaha ule hausogezwi. Usipoutumia mwaka huu umekwenda na maji. Hasara ndio inayosogezwa mbele. Hapo ndipo mchezo wote ulipo, msamaha unaoza kama samaki, hasara inakaa kama ng'onda, sasa kwa nini ule ng'onda kwanza samaki mbichi uwache aoze?

Lakini sheria yao hapa ina ukali wake ambao wengi hawaujui. Hasara ya mwaka huo huo LAZIMA ikatwe kwenye faida ya mwaka huo huo, yote, mpaka faida iishe, hata kama faida yenyewe ingesamehewa. Huwezi kusema "hii hasara nikatieni 400 tu nyingine niwekeeni". Hasara iliyotoka miaka ya nyuma ndio ina adabu: hiyo inakatwa tu mpaka faida ishuke ifike pauni 3,000, halafu inasimama, inayobaki inaendelea mbele. Hasara mbili, pauni zile zile, tabia mbalimbali kabisa.

Haya tuweke njia zake tatu pamoja.

Njia ya kwanza ndio ile aliyoitaka mwenyewe, auze zote 1,500 Ijumaa tarehe 4 Aprili. (Ijumaa ndio ilikuwa siku ya mwisho ya soko mwaka ule manake tarehe 5 ilikuwa Jumamosi. Na kinachohesabiwa ni siku ya kuuza, si siku pesa zinapoingia kwa akaunti.) Faida 3,400 toa hasara 3,000 inabaki 400, hiyo 400 inamezwa na msamaha, kodi sifuri. Anafurahi. Lakini hebu angalia alichotumia: bila kuuza chochote angelipa kodi ya pauni 400 tu zilizozidi msamaha, yaani pauni 72. Kwa hivyo amechoma hasara ya pauni 3,000 kuokoa pauni 72. Hasara ya 2,600 imekwenda kukata faida ambayo ilikuwa ishasamehewa. Afu mwezi wa nane anauza lile fungu la Mtwapa, faida 7,000, hana hasara tena, anatoa msamaha wa mwaka mpya anabaki na 4,000, kodi pauni 720.

Njia ya pili asiguse kitu Ijumaa, angoje Jumatatu tarehe 7 Aprili mwaka mpya ushaingia ndio auze. Kwa mwaka uliopita analipa zile 72. Mwaka mpya hasara yake ya 3,000 inakutana na faida ya 7,000, inabaki 4,000, toa msamaha 3,000, inabaki 1,000, kodi pauni 180.

Njia ya tatu ndio wengi hawaiwazi: auze hisa 200 peke yake Ijumaa. Kila hisa ina hasara ya pauni 2, kwa hivyo 200 zinaleta hasara ya 400 kamili, faida ya 3,400 inashuka mpaka 3,000 kwenye mstari wa msamaha, kodi sifuri na hakuna kilichoharibika. Zile 1,300 anaziuza mwaka mpya, hasara 2,600. Faida 7,000 toa 2,600 toa msamaha 3,000, inabaki 1,400, kodi pauni 252.

| | Zote 4 Aprili | Zote 7 Aprili | 200 kisha 1,300 |
|---|---|---|---|
| Kodi mwaka 2024/25 | 0 | 72 | 0 |
| Kodi mwaka 2025/26 | 720 | 180 | 252 |
| Jumla kwa pauni | 720 | 252 | 252 |

Ya pili na ya tatu jumla yake ni moja, wala si bahati, ni kwamba zote mbili hazikupoteza hasara hata peni na asilimia ni ile ile 18. Tofauti yake ni ya mfuko. Kwenye ya pili zile 72 zinalipwa kufikia 31 Januari 2026, kwenye ya tatu hakuna cha kulipa mpaka 31 Januari 2027. Lakini ya tatu unalipa broka mara mbili badala ya mara moja, na mabroka wa kule wengine wanachukua pauni kumi na kitu kila ukibonyeza kuuza, (ada yenyewe inaingia kwenye hesabu kama gharama, inapunguza faida ama inaongeza hasara, lakini si kwamba imerudi mfukoni). Kwa pauni 72 mie singejisumbua sana. Kwa mtu ambaye kodi ya kuahirisha ni mia nane hivi ningemwambia auze kidogo kidogo bila kufikiria mara mbili.

Halafu kuna suala la bei, manake hizi hesabu zangu zimechukulia pauni 3 inakaa pale pale. Haikai. Ile Ijumaa yenyewe ya tarehe 4 faharasa ya London ilianguka karibu asilimia 5, na Jumatatu ikaanguka tena zaidi ya asilimia 4. Aliyengoja wikendi ili mwaka mpya uingie alijikuta na hasara kubwa zaidi ya aliyoipanga, ambayo kwa kodi ni nzuri lakini kwa maisha si nzuri! Kodi ni asilimia 18 ya hasara, ile 82 nyingine ni yako wewe, usisahau. Kama hisa huna imani nayo tena uza siku unayoona sawa, tarehe ya kodi iwe ya pili.

Sasa wakati gani njia ya kwanza ndio bora? Ipo. Chukua faida ya mwaka huu, toa hasara unayotaka kuuza, kama kinachobaki bado ni 3,000 ama zaidi basi hakuna hata senti ya hasara inayopotea, uza kabla ya tarehe 5 ulale. Mdogo wangu angekuwa na faida ya 9,000 Disemba, hasara yake ya 3,000 ingeishusha mpaka 6,000, toa msamaha, alipe kodi ya 3,000 zilizobaki, hasara yote imefanya kazi ya asilimia 18. Kungoja hapo kungekuwa kuikopesha serikali bure. Pia kama mwaka huu uko kwenye asilimia 24 na mwaka ujao utashuka, labda unapumzika kazi ama unakwenda likizo ya uzazi, itumie sasa inapokata zaidi. Na kinyume chake ni kinyume chake.

Kuna hali nyingine ambayo mie ndio naipenda zaidi, mwaka mtupu. Yaani mwaka ambao hukuuza chochote chenye faida. Watu hufikiri mwaka kama huo hakuna maana kuuza cha hasara kwa sababu hakuna cha kukata. Si kweli, huo ndio mwaka wenyewe! Hasara ikizaliwa mwaka mtupu haina cha kumeza, inasogea mbele nzima, na ikishavuka Aprili inakuwa ile yenye adabu. Tuseme mdogo wangu hangeuza kitu Disemba, akauza zile hisa za hasara 4 Aprili, afu mwaka uliofuata akapata faida ya 5,000 tu badala ya 7,000. Hasara iliyosogezwa inakata 2,000 peke yake, faida inafika 3,000, msamaha unameza, kodi sifuri, na bado ana hasara ya 1,000 kibindoni ya mwaka mwingine. Lakini angeiuza hisa ile mwaka mmoja na hiyo faida ya 5,000, hasara ingekata yote 3,000, inabaki 2,000 chini ya msamaha, kodi sifuri vile vile ila ile 1,000 imepotea kabisa na haonekani aliyeichukua. Kodi ya mwaka huo ni ile ile sifuri kwa hivyo mtu haoni kama amepoteza, anakuja kujua miaka miwili baadaye anapoitafuta.

Na ikiwa mwaka mmoja una hasara ya mwaka huo na pia una ya zamani, ya mwaka huo inakatwa kwanza, yote, ndipo ya zamani inaangaliwa kama bado kuna kinachozidi 3,000. Huchagui mpangilio.

Mdogo wangu akachagua njia ya tatu. Kilichotaka kumharibia ni kitu kingine kabisa. Jumapili ya tarehe 13 akanitumia voisi kwa watsapu: hisa zinaonekana zinapanda, kwa nini asinunue tena zile 200 kesho yake, si atakuwa na hasara yake kwa makaratasi na hisa zake pia anazo? Nikamwandikia kwa herufi kubwa USINUNUE. Kuna sheria ya siku 30 kule. Ukiuza hisa ukanunua za kampuni ile ile za aina ile ile ndani ya siku 30 baada ya kuuza, hesabu haiangalii tena bei yako ya zamani, inazifunga zile ulizouza na zile ulizonunua mpya. Aliuza kwa 3, angenunua kwa 3.10 tarehe 14, hasara yake ingekuwa senti kumi kwa kila hisa, mara 200, pauni 20 basi. Zile pauni 400 alizozitegemea hazingekuwepo, na mwaka wa 2024/25 ungerudi kuwa na kodi. Hasara yenyewe haifi, inabaki ndani ya bei ya hisa ulizonazo, lakini mwaka uliokuwa unaitaka hautaiona.

Siku zinahesabiwa za kalenda si za kazi. Kuuza 4 Aprili siku ya thelathini ni 4 Mei, kwa hivyo salama ni kuanzia tarehe 5 Mei, na mwaka ule tarehe 5 Mei ilikuwa sikukuu ya benki soko limefungwa, ikabidi iwe tarehe 6. Na kufika mwanzo wa Mei soko la London lilikuwa karibu limerudi pale lilipokuwa kabla ya ile kashkash, kwa hivyo aliyetoka afu akangoja siku thelathini arudi, alirudi kwa bei ya juu. Hiyo ni gharama, iweke kwenye mizani pamoja na kodi. Njia za halali za kutongoja ni mbili ninazozijua vizuri: kununua ndani ya ISA, ile akaunti isiyo na kodi, manake hisa za ndani ya ISA hazifungwi na ulizouza nje yake (mwisho ni pauni 20,000 za kuweka kwa mwaka). Ama mume ama mke ndiye anunue kwa pesa zake na jina lake. Shemeji yangu hataki kusikia habari za hisa kwa hivyo hiyo ya pili tuliiacha.

Ila hiyo ISA ina upande wake wa pili. Faida ya ndani haitozwi kodi, na hasara ya ndani haihesabiki popote. Mtu mmoja wa ukoo alinijia na hasara nzuri tu ya kukata, kumbe yote iko ndani ya ISA, nikamwambia hiyo mwanangu ni ya kulia tu.

Hapo hapo nijibu wale wa huku nyumbani wanaouliza "na mie hisa zangu za Nairobi je?" Hisa zinazouzwa kwenye soko la hisa la Nairobi faida yake haina kodi ya faida ya mtaji Kenya, kwa hivyo na hasara yake haina pa kukatwa, ni kama ISA hiyo. Hisa za kampuni ya binafsi, tuseme kampuni ya familia ya kuklia mizigo bandarini, hizo ndio zinaingia, asilimia 15 tangu 1 Januari 2023 (kabla yake ilikuwa 5), hakuna msamaha wa kila mwaka kama ule wa pauni 3,000, na hasara inakatwa kwenye faida za namna hiyo peke yake, inayobaki inasogea mbele. Kwa kuwa hakuna msamaha wa kuoza, ule mchezo wote wa kabla na baada ya Aprili huku haupo. Lakini mkaazi wa Uingereza mwenye hisa za Nairobi asijidanganye, kule kwa kawaida anatozwa faida ya dunia nzima na hasara ya Nairobi nayo anaweza kuidai, ila hesabu inafanywa kwa pauni, bei ya kununua kwa pauni ya siku ile na ya kuuza kwa pauni ya siku hii, na kwa vile shilingi imeshuka unaweza kuona faida kwa shilingi na hasara kwa pauni kwenye hisa ile ile moja.

La mwisho ni karatasi. Hasara haisogei yenyewe. Lazima uiambie HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwamba ipo, ya mwaka gani, kiasi gani, na una miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi ulioiuza. Ukishaiandikisha haina mwisho, inakaa hata miaka ishirini ikingoja faida. Usipoiandikisha imekufa. Ya 2024/25 mwisho ni 5 Aprili 2029. Anayejaza ritani anaiandika kwenye kurasa za SA108, asiyejaza anaweza kuandika barua, na hapa ndio pabaya, manake mtu aliyeuza kwa hasara mwaka mtupu hana kodi ya kulipa, hakuna anayemwandama, hajazi kitu, anasema "nitaikumbuka siku nikipata faida". Ami yangu aliuza hisa Februari 2020, hasara zaidi ya pauni elfu sita, akaweka ile karatasi ya broka kwa bahasha ndani ya kabati. Mwaka wake wa kodi ulikwisha 5 Aprili 2020. Aliponiletea ile bahasha ilikuwa Julai 2024, miezi mitatu imepita tangu ile miaka minne iishe, na faida ya kukatia alikuwa nayo mkononi.